Bei ya oili ya injini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu daraja, ujazo wa chombo na oili iliyochakachuliwa

Maswali haya ni yale ambayo wamiliki wa magari madogo na pikipiki huuliza dukani na gereji. Bei zote zilizotajwa ni za mfano, kwa shilingi za Tanzania, na zimewekwa ili hesabu ionekane. Weka bei za mtaani kwako mahali pake na hesabu itabaki ileile.

Kwa nini galoni mbili za lita nne, zote za oili ya injini, hutofautiana sana bei?

Kwa sababu mara nyingi si bidhaa moja. Oili ya injini ina sehemu mbili: oili msingi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya ujazo, na viongezeo vya kemikali vinavyozuia msuguano, kutu, povu na masizi kuganda. Oili nzito ya 20W-50 inaweza kutengenezwa kwa oili msingi ya kawaida inayosafishwa kutoka kwenye mafuta ghafi, na hiyo ni ya bei nafuu. Oili nyepesi ya 5W-30, na zaidi 0W-20, inatakiwa iwe nyepesi injini ikiwa baridi na wakati huohuo isivukize wala kupoteza nguvu injini ikiwa moto. Sifa hizo mbili hazipatikani kwa urahisi kwenye oili msingi ya kawaida, hivyo mtengenezaji hulazimika kutumia oili msingi iliyochakatwa zaidi, ile inayoitwa sintetiki, ambayo humgharimu zaidi. Kwa hiyo galoni ya 20W-50 ikiuzwa shilingi 45,000 na ya 5W-30 sintetiki ikiuzwa 72,000 katika duka lilelile, hakuna aliyepunjwa. Kosa ni kuzilinganisha kana kwamba moja ni nafuu na nyingine ni ghali, ilhali kila moja ina injini yake.

Nisome nini kwenye lebo kabla ya kuuliza bei?

Soma mambo matatu, na uyasome yote. La kwanza ni mnato, ulioandikwa kwa mfumo wa SAE, kwa mfano 5W-30. Namba iliyo kabla ya W inaeleza jinsi oili inavyotiririka kwenye baridi, na namba ya mwisho inaeleza uzito wake ikiwa na joto la nyuzi 100 za Selsiasi, ambalo linakaribiana na joto la oili ndani ya injini inayofanya kazi. La pili ni kiwango cha ubora cha API, taasisi ya mafuta ya petroli ya Marekani. Herufi S huonyesha injini za petroli na herufi C huonyesha injini za dizeli, na herufi inayofuata S hupanda kadiri kiwango kinavyokuwa kipya: SJ ni ya mwaka 1996, SL ni ya 2001, SM ya 2004, SN ya 2010 na SP ya 2020. La tatu ni aina ya oili msingi, yaani ya madini, nusu sintetiki au sintetiki kamili.

Bei mbili zinalinganishika pale tu mambo hayo matatu yanapofanana. Muuzaji anayekuambia "hii na ile ni sawa, zote ni 20W-50" amekupa jambo moja kati ya matatu. SAE 40 iliyoandikwa peke yake nayo si sawa na 15W-40, kwa kuwa ya kwanza ina daraja moja tu la mnato na huwa nzito sana asubuhi injini inapowashwa.

Nimekuta oili ya bei ya chini sana yenye alama API SF. Je, ni feki?

Si lazima. Inaweza kuwa oili halisi kabisa iliyotengenezwa kwa kiwango cha zamani. API yenyewe inaeleza kwamba SF haifai kwa injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya mwaka 1988, na kwamba SG haifai kwa nyingi za baada ya 1993. Oili hizo bado zinatengenezwa na kuuzwa, na ni nafuu kwa sababu viongezeo vyake ni vichache. Gari la mwaka 2005 likiwekewa SF, hakuna aliyekutapeli, lakini umenunua ulinzi ambao injini ile haikuundiwa. Ninalisisitiza jambo hili kwa sababu malalamiko mengi ya "oili feki" ni ya oili halisi ya daraja la chini, na dawa ya tatizo hilo ni kusoma lebo ya nyuma tu.

Nilinganisheje bei ya kopo la lita moja, galoni ya lita nne, ya lita tano na dumu la lita ishirini?

Gawanya bei kwa ujazo ili upate bei ya lita moja, kisha uangalie injini yako inakunywa kiasi gani. Hatua hii ya pili ndiyo inayosahaulika.

Tuchukue Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE, ambayo ndiyo pia iliyomo kwenye Vitz na Probox nyingi za sentimita za ujazo 1,500. Injini hiyo hupokea lita 3.7 ukibadilisha oili pamoja na filta. Tuseme 5W-30 ya chapa moja na kiwango kimoja inauzwa hivi: kopo la lita moja 20,000, galoni ya lita nne 72,000, galoni ya lita tano 85,000 na dumu la lita ishirini 320,000. Bei ya lita moja inakuwa 20,000, 18,000, 17,000 na 16,000 kwa mfuatano huo. Kwa haraka utasema dumu ndilo bora na galoni ya lita tano inafuata.

Sasa angalia matumizi. Kwa galoni ya lita nne, kila badiliko linakugharimu 72,000 na unabaki na mililita 300 za kuongezea njiani. Kwa galoni ya lita tano, unalipa 85,000 na kubaki na lita 1.3. Ukiichukua hiyo lita 1.3 nyumbani, ukaifunga vizuri na kuitumia badiliko lijalo, galoni tatu zitakupa lita 15, na mabadiliko manne yanahitaji lita 14.8. Utakuwa umelipa 255,000 badala ya 288,000, yaani umeokoa 33,000. Lakini ukiiacha lita 1.3 gereji kila mara, kama wengi wanavyofanya, basi kila badiliko limekugharimu 85,000, na galoni iliyoonekana nafuu kwa lita ndiyo iliyokula fedha zaidi. Dumu la lita ishirini lina maana kwa mwenye magari matatu au manne yanayotumia oili ileile. Kwa mwenye gari moja, oili itakaa imefunguliwa zaidi ya mwaka, ikipata unyevu na vumbi.

Galoni ina lita ngapi hasa?

Neno hili lina mtego. Madukani galoni huweza kuwa ya lita nne au tano. Galoni ya Marekani ni lita 3.785, na robo yake ni mililita 946, ndiyo maana makopo mengi yanayotoka Marekani au kupitia Dubai yameandikwa 946 mL, huku muuzaji akiyaita "ya lita moja". Kopo la mililita 946 kwa shilingi 18,500 linaonekana nafuu kuliko la lita moja kwa 20,000, na kweli ni nafuu, lakini si kwa 1,500 unayoiona. Ukigawanya, lita yake ni takriban 19,560. Kwa IST ile, makopo manne yanatoa lita 3.78, ambayo inatosha bila ziada. Kwa injini inayohitaji lita nne kamili utalazimika kununua kopo la tano.

Kama unashuku kwamba galoni haikujaa, mizani ya duka la nafaka itakusaidia. Lita moja ya oili ya injini huwa na uzito wa kama kilo 0.87, hivyo lita nne ni takriban kilo 3.5 bila kuhesabu chombo. Galoni yenye oili inayopimika kilo 3.2 pamoja na plastiki yake haina lita nne.

Oili ya kupima kutoka kwenye pipa ni nafuu. Je, ni akiba?

Pipa la kawaida hubeba lita 208 hivi, na bei yake kwa lita ni ya chini kihalali kwa sababu gharama ya plastiki na upakiaji imeondoka. Tatizo ni kwamba pipa likishafunguliwa, ulinzi wote uliokuwa kwenye chombo umekwisha. Hakuna lakiri, hakuna nambari ya bechi unayoweza kuilinganisha na chochote, na huna namna ya kujua kama pipa limejazwa tena. Hata muuzaji mwaminifu anaweza kukuuzia oili yenye maji kwa sababu pipa lilisimamishwa nje na mvua ikakaa juu ya kifuniko. Pipa linapopoa usiku huvuta hewa, na maji hupenya pale kwenye kizibo. Kwa gari dogo, ushauri wangu ni kutonunua oili ya kupima kabisa. Nafuu ya elfu mbili au tatu kwa lita hailingani na bei ya kutengeneza injini iliyokata metali na kuchonga kransha.

Bei ikishuka kiasi gani niwe na shaka?

Katika mfano wetu, kutoka kopo la lita moja hadi dumu la lita ishirini bei ya lita ilishuka kwa asilimia 20. Huo ni mshuko wa taratibu ambao ukubwa wa chombo unaweza kuueleza. Galoni ya lita nne iliyofungwa, ya chapa ileile na daraja lilelile, ikiuzwa kwa bei ya lita iliyo chini ya ile ya dumu, ukubwa wa chombo hauelezi tena kitu. Muuza rejareja hana faida nene kiasi hicho ya kukupunguzia. Uliza duka la tatu na la nne katika mtaa uleule. Kama maduka matatu yako kati ya 70,000 na 75,000 na moja linauza 48,000, hilo moja linauza oili iliyokwisha muda, ya daraja jingine, ya wizi au ya kuchakachuliwa.

Ishara nyingine ni bei za madaraja kukaribiana mno. Duka ambalo 5W-30 sintetiki na 20W-50 ya madini zinauzwa kwa bei moja, yawezekana kilichomo kwenye vyombo vyote viwili ni kitu kimoja.

Kumbuka pia kwamba bei ya juu haithibitishi kitu. Mwenye kujaza oili mbovu kwenye galoni ya chapa kubwa anajua kuwa bei ndogo itamfichua, kwa hiyo wengi huuza kwa pungufu ya shilingi elfu chache tu.

Oili huchakachuliwaje?

Ziko njia tatu. Ya kwanza ni kuchanganya oili halisi na dizeli au mafuta ya taa. Lita moja ya oili huuzwa kwa bei mara kadhaa ya lita ya dizeli, kwa hiyo hata mchanganyiko mdogo una faida. Asilimia tano hivi ya dizeli mara nyingi inatosha kuishusha oili ya daraja la 50 ikawa ya 40. Ya pili ni kuchukua oili chafu iliyomwagwa gereji, kuiacha itulie, kuichuja, kuiondolea weusi na kuipaka rangi. Ya tatu, ambayo ndiyo ngumu kuigundua, ni kujaza oili msingi tupu isiyo na viongezeo. Inaonekana safi, haina harufu mbaya, na siku za mwanzo injini hunguruma vizuri.

Nikague nini kwenye chombo?

Anza na kifuniko. Chini yake kuna pete ya plastiki iliyoshikiliwa na vijino vyembamba, na vijino hivyo hukatika mara ya kwanza kifuniko kinapozungushwa. Geuza galoni kwenye mwanga uone kama kila kijino kimeshika. Pete iliyobandikwa gundi huwa na ukungu mweupe au hukaa upande. Ukifungua, chapa nyingi zina karatasi ya alumini iliyoshikamana na mdomo wa chombo pande zote, na inapotolewa huacha alama sawia. Karatasi inayoachia kwa kuguswa au yenye mikunjo kama iliyopigwa pasi ni ya kutilia shaka.

Halafu tafuta nambari ya bechi na tarehe. Kwa kawaida huchapwa moja kwa moja kwenye plastiki, na katoni iliyobeba galoni hizo huwa na nambari hiyohiyo. Mwombe muuzaji katoni. Galoni nne kutoka katoni moja zenye bechi nne tofauti zina maelezo ya kutoa. Angalia pia mikwaruzo kwenye kona za chini na mabaki ya oili kwenye mishono ya mshikio, kwa maana chombo kipya hakijawahi kulala kwenye sakafu ya gereji.

Naweza kuipima oili nyumbani?

Unaweza kubaini udanganyifu mkubwa. Kipimo ninachokiamini zaidi ni cha povu la hewa. Tafuta chupa mbili ndogo za kioo zinazofanana kabisa, moja utie oili unayoishuku na nyingine utie oili ya daraja hilohilo uliyoipata kwa wakala wa chapa husika. Jaza zote usawa mmoja, acha nafasi ya hewa ya upana wa kidole, zifunge na uziache pamoja chumbani kwa saa moja ili ziwe na joto moja. Kisha zigeuze kwa pamoja na utazame povu la hewa likipanda. Kwenye oili sawa mapovu hufika juu karibu wakati mmoja. Povu likipanda upesi upande mmoja, oili hiyo ni nyepesi kuliko inavyodai. Rudia mara kadhaa kabla ya kuamua.

Kwa 5W-30, weka kiasi kidogo kwenye friza usiku mzima. Friza ya nyumbani hufika nyuzi 18 hivi chini ya sifuri, na 5W halisi itaendelea kumiminika, japo kwa uzito. Ikiwa imekuwa nzito kiasi cha kusogea kwa shida, basi hiyo si 5W.

Dondosha pia tone moja kwenye karatasi nyeupe ya kuchujia na uiache hadi kesho yake. Oili mpya huacha doa lenye rangi moja. Duara jeusi au la kijivu katikati linaonyesha oili iliyokwisha kutumika, na duara pana la majimaji mepesi kuzunguka doa linaashiria dizeli au mafuta ya taa, ambayo pia utayanusa ukisugua oili kati ya vidole.

Vipimo hivi havioni viongezeo. Oili msingi tupu yenye mnato sahihi itafaulu vyote vitatu. Hapo ni maabara pekee inayoweza kusema, kwa kupima mnato kwenye nyuzi 100, uwezo wa kukabili asidi, kiasi cha zinki, fosforasi na kalisi, pamoja na joto ambalo mvuke wa oili hushika moto. Oili nzuri ya injini hushika moto juu ya nyuzi 200, na mchanganyiko kidogo wa mafuta mepesi huishusha namba hiyo waziwazi.

Oili imekuwa nyeusi baada ya kilomita mia chache. Ni feki?

Weusi peke yake si ushahidi. Oili nzuri ina kisafishaji kinachobeba masizi, na katika injini iliyokuwa chafu, au ya dizeli, itabadilika rangi mapema. Rangi ya oili mpya pia si kigezo, kwani chapa nyingine huweka rangi nyekundu au kijani kwa makusudi.

Na oili ya bodaboda?

Kwenye pikipiki nyingi oili ya injini ndiyo pia inayolowesha klachi, hivyo tafuta alama ya kiwango cha Kijapani cha JASO MA au MA2. Oili ya gari yenye vipunguza msuguano inaweza kuifanya klachi iteleze hata kama ni halisi. Kwa kuwa pikipiki hizi hupokea kama lita moja tu, kopo dogo lililofungwa halina hasara, na dereva hana sababu ya kununua ya kupima.

Nimebadilisha oili na sasa taa ya oili inawaka injini ikiwa moto na imesimama. Nifanye nini?

Zima injini. Pima kwanza kwa kijiti kama oili ipo ya kutosha, na angalia kama filta inavuja. Kama kiwango ni sahihi na kabla ya badiliko hilo taa haikuwaka, huenda oili ni nyepesi mno au filta ni mbovu, na gari lisiendeshwe hata kurudi gereji, livutwe. Ukimwaga oili hiyo, chukua nusu lita katika chupa safi, hasa ile iliyobaki kwenye galoni, maana iliyopita kwenye injini imeshachanganyika na mabaki. Tunza galoni, kifuniko, picha ya bechi na risiti ya EFD.

Nipeleke wapi malalamiko, na je, serikali haipangi bei?

Bei kikomo ambazo EWURA hutangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi ni za petroli, dizeli na mafuta ya taa. Oili ya injini haimo, kwa hiyo hakuna bei rasmi ya kumshikia muuzaji. Ubora ni suala la TBS, na bidhaa bandia zenye nembo ya mwingine zinashughulikiwa na Tume ya Ushindani, FCC. Kenya malalamiko hupelekwa KEBS na Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia. Mjulishe pia wakala wa chapa yenyewe, kwa kuwa ndiye anayeweza kusema kwa haraka kama nambari ile ya bechi iliwahi kutoka kiwandani.

Galoni tupu niifanyeje?

Ichane ubavuni kwa kisu kabla ya kuondoka gereji, na ukate pete ya kifuniko. Galoni safi ya chapa inayojulikana, yenye lebo nzima, ndiyo malighafi ambayo mchakachuaji hawezi kujitengenezea kwa urahisi, naye huinunua kutoka kwa wanaoziokota. Fundi akikuomba umwachie nzima ya kuwekea maji, mwachie iliyokatwa mdomo.